Barua ya kuomba ruhusa ya masomo kwa inchaji wa wodi: jinsi ya kuiandika ipite

Mwongozo huu ni wa muuguzi mwenye stashahada, aliyeajiriwa katika hospitali ya dini au ya binafsi Arusha au Moshi, anayetaka kuanza shahada ya uuguzi na sasa anatakiwa kumwandikia inchaji wake. Wa serikalini watapata humu mengi ya kuwafaa. Tofauti ni kwamba safari ya barua yao ni ndefu zaidi, kwa kuwa mwenye neno la mwisho ni mwajiri, yaani mkurugenzi wa halmashauri au uongozi wa hospitali ya rufaa ya mkoa, na jambo lote linafuata kanuni za utumishi wa umma na mpango wa mafunzo wa mwaka.

Tuanze na jambo ambalo wengi hawalijui mpaka wamekataliwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa likizo ya mwaka ya siku 28, ya uzazi, ya ugonjwa, na siku chache za msiba. Ya masomo haimo. Kwa hiyo hakuna kifungu cha kumwonyesha inchaji kwamba ruhusa ni haki yako. Unachoweza kushika ni mkataba wako na sera ya mafunzo ya hospitali, kama ipo. Nenda ofisi ya utumishi, omba kuisoma, na uandike pembeni mambo matatu: unatakiwa uwe umefanya kazi miaka mingapi kabla ya kuomba, maombi yanapokelewa mwezi gani, na anayeruhusiwa anaendelea kulipwa au halipwi. Ukikuta sera haipo, barua yako itasimama kwa nguvu ya mpango wake tu.

Inchaji hatoi ruhusa, anatoa maoni

Mwenye kutoa ruhusa ni mwajiri: mganga mfawidhi, katibu wa hospitali au mkurugenzi, kutegemea mahali. Inchaji anaandika maoni yake, metroni anaongeza yake, ndipo faili linapanda. Lakini maoni ya inchaji yana uzito kuliko vyeo vyote vinavyofuata, kwa sababu yeye peke yake ndiye anayejua wodi itakuwaje siku ukiondoka. Akiandika "upungufu wa watumishi, asubiri", hakuna wa juu atakayebishana naye.

Ndiyo maana kunakuwa na barua mbili. Ya kwanza ni ya inchaji mwenyewe. Inamwomba aridhie, na inamwonyesha pengo lako litazibwaje. Ya pili inakwenda kwa mwajiri, ikiwa na maneno "K.K. Muuguzi Mfawidhi wa Wodi" juu yake, yaani kupitia kwa inchaji, baada ya yeye kukubali. Wapo wanaoruka ya kwanza na kupeleka moja kwa moja utumishi. Barua ya namna hiyo hurudishwa ipite kwa mkuu wa kitengo, na sasa unaingia kwa inchaji ukiwa tayari umemruka.

Anza Novemba, usisubiri barua ya chuo

Mwaka wa masomo wa vyuo vikuu vyetu huanza kati ya Oktoba na Novemba, na maombi ya udahili hufunguliwa katikati ya mwaka. Muuguzi anayesubiri hadi apate barua ya udahili ndipo amwambie inchaji, anamfikia Septemba akiwa na wiki nne au sita mkononi. Bajeti ya hospitali ilishapitishwa, likizo za Desemba zilishapangwa, na mtu wa kuziba nafasi yako hajatafutwa. Jibu hapo ni hapana, hata kama inchaji anakupenda.

Mwambie kwa mdomo Novemba ya mwaka unaotangulia. Usimfuate wakati wa ripoti ya asubuhi wala wakati wa raundi ya daktari. Saa nane mchana, dawa zikishatolewa na kabla zamu ya jioni haijapokea, ndipo anapokaa na daftari lake. "Shikamoo Sista, nina jambo la mwakani nataka nikuletee mapema" inatosha kufungua. Barua yenyewe ipeleke Januari, hospitali nyingi zinapokuwa zinapanga bajeti inayoanza Julai.

Katika kipindi hicho hicho hakikisha unakubalika chuoni, maana hakuna aibu kama kuvuruga rosta ya watu kisha ukakosa nafasi. Kwa anayeingia na stashahada ya uuguzi, vyuo huangalia wastani wa B au GPA ya 3.0, pamoja na ufaulu wa masomo ya sayansi kidato cha nne. Soma sifa za chuo chako katika mwongozo wa udahili unaotolewa na TCU, kwa sababu zinatofautiana kidogo. Utahitaji pia namba ya AVN kutoka NACTVET, ambayo ndiyo inayothibitisha stashahada yako kwenye mfumo wa maombi. Iombe mapema. Jina likitofautiana herufi moja kati ya cheti cha kidato cha nne na cha chuo, marekebisho yake yanaweza kukula wiki kadhaa.

Hesabu ya rosta

Hapa ndipo barua inapopita au inapokwama. Inchaji hafikirii shahada yako, anafikiria usiku wa Jumamosi. Mfanyie hesabu yake kabla hajaifanya mwenyewe.

Chukua wodi ya upasuaji ya wanawake yenye wauguzi 12. Inchaji yuko asubuhi Jumatatu hadi Ijumaa na hahesabiwi kwenye mzunguko, kwa hiyo wamebaki 11. Zamu ya asubuhi inataka 3, jioni 2, usiku 2. Hao ni 7 kwa siku, sawa na zamu 49 kwa wiki.

Kila muuguzi anafanya zamu 5 kwa wiki. Kumi na mmoja wanatoa zamu 55, ambazo kwa macho ni nyingi. Lakini kila mmoja ana siku 28 za likizo. Zidisha kwa 11 unapata siku 308 katika mwaka wa siku 365. Maana yake ni kwamba karibu kila siku ya mwaka kuna mmoja yuko likizo. Wanaofanya kazi kweli ni 10, na zamu wanazotoa ni 50. Wodi inahitaji 49. Inapumua kwa zamu moja tu, ambayo mtoto wa mtu akiugua imekwisha.

Sasa ondoka wewe. Wamebaki 10 kwenye mzunguko, mmoja likizo, 9 kazini, zamu 45. Pengo ni zamu 4 kila wiki. Desemba ni mbaya zaidi: Moshi nzima ndugu wanapanda mlimani kwa Krismasi na kila mtu anataka likizo wiki hizo hizo. Inchaji akiwaruhusu wawili kwa pamoja, kazini wanabaki 8, zamu 40, pengo 9. Na wewe utakuwa umeondoka mwezi mmoja au miwili tu nyuma.

Fanya hesabu hii kwa wodi yako, kwa idadi halisi. Chukua rosta tatu za miezi iliyopita, hesabu walioandikwa kila zamu, kisha hesabu waliofika kweli. Tofauti kati ya mbili hizo ndiyo inayomnyima inchaji usingizi. Ukimpelekea hesabu ya walioandikwa tu, ataona hujui wodi inavyokwenda.

Pengo lizibwe na nini

Zamu 4 kwa wiki ni karibu muuguzi mzima, kwa kuwa muuguzi mmoja ni zamu 5. Kwa hiyo dawa ya uhakika ni mtu mmoja: wa kuajiriwa kwa mkataba wa muda, au wa kuhamishwa kutoka kitengo chenye nafuu. Huna mamlaka ya kumleta, lakini unaweza kulitaja ili inchaji alibebe kwa metroni likiwa limeshakaa vizuri. Ukijua kitengo ambacho wamepokea wapya wawili mwaka huu, kitaje.

Ahadi ambayo waombaji wengi hukimbilia ni hii: "nitakuwa nakuja usiku na wikendi". Iangalie kwa makini. Ukifanya zamu 2 kila wikendi, pengo linashuka kutoka 4 hadi 2. Si haba, lakini halijazibika, na mwajiri ataona nafasi yako bado ina mtu, hivyo hatatafuta mwingine. Wenzako ndio watakaolipa tofauti hiyo. Isitoshe, shahada ya uuguzi ina mafunzo ya vitendo wodini, na ratiba yake hupangwa na chuo wala haiangalii kwamba ulikesha. Na kama unafanya kazi Arusha huku unasoma Moshi, kuna kilomita kama 80 kati yako na kitanda chako. Kutoka zamu ya usiku saa mbili asubuhi, ukapanda gari stendi, ukafika darasani, utasinzia kwenye kipindi cha kwanza na kukosa cha pili.

Ahadi inayotimizika ni ya likizo za chuo. Chukua almanaki ya chuo, tazama likizo ndefu kati ya mwaka mmoja wa masomo na unaofuata, toa wiki za mafunzo ya vitendo zilizopangwa humo, kisha ahidi zilizobaki. Kama zinabaki wiki 6, andika 6. Ukiandika "likizo zote" halafu mwaka wa kwanza ukashindwa, mwaka wa pili inchaji hatasaini.

Kuna pengo lingine lisiloonekana kwenye rosta: kazi unazozifanya wewe peke yako. Labda ndiye unayeandika maagizo ya vifaa kila Jumatano, au ndiye mwenye mkono wa vidonda vigumu, au unasimamia udhibiti wa maambukizi. Ziandike, na karibu na kila moja andika jina la mwenzako utakayemfundisha na lini. Miezi miwili inatosha kwa kazi nyingi za wodi. Muulize mwenzako kwanza; jina la mtu lisitokee kwenye barua naye hana habari.

Barua yenyewe

Iwe ukurasa mmoja, imechapwa, na rosta ya mfano ya mwezi mmoja bila wewe ikiwa kiambatisho. Inaweza kusomeka hivi:

Jina lako,
Wodi ya Upasuaji Wanawake,
S.L.P. ya hospitali, Moshi.
12 Januari

Muuguzi Mfawidhi,
Wodi ya Upasuaji Wanawake.

YAH: KUOMBA RIDHAA YAKO YA RUHUSA YA MASOMO YA SHAHADA YA UUGUZI KUANZIA OKTOBA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni muuguzi katika wodi hii kwa miaka 5 sasa. Naomba ridhaa na maoni yako ili niombe kwa mwajiri ruhusa ya kusoma shahada ya kwanza ya uuguzi kwa miaka 4, kuanzia Oktoba mwaka huu. Sijaomba bado udahili. Nitaomba dirisha litakapofunguliwa katikati ya mwaka, na nitakuletea barua ya udahili mara nitakapoipata. Nisipopata nafasi, ombi hili litakuwa limefutika na nitaendelea na rosta kama kawaida.

Nimehesabu kwamba nikiondoka wodi itapungukiwa zamu 4 kwa wiki, na zamu 9 katika wiki za Desemba endapo wawili watakuwa likizo. Rosta ya mfano nimeiambatisha. Napendekeza aombwe muuguzi mmoja wa kuziba nafasi kuanzia Septemba ili tufanye kazi pamoja mwezi mmoja kabla sijaondoka.

Kazi ya maagizo ya vifaa nitamkabidhi mwenzangu tuliyekubaliana kati ya Julai na Agosti, na makabidhiano yataandikwa na kusainiwa mbele yako.

Katika likizo ndefu ya chuo nitaripoti wodini kwa wiki 6 kila mwaka, kwa tarehe nitakazokuletea almanaki itakapotoka. Matokeo ya kila mwaka nitayawasilisha kwako kabla ya kuomba kuendelea na mwaka unaofuata.

Naomba nafasi ya kuonana nawe ili kurekebisha mapendekezo haya utakavyoona inafaa.

Natanguliza shukrani.

Saini, jina, namba ya leseni.

Angalia vitu vichache humo. Mwezi wa kuanza upo kwenye kichwa cha habari, kwa sababu karatasi ikiingia kwenye faili kinachosomwa ni kichwa. Sentensi ya "nisipopata nafasi" inamwondolea inchaji hofu ya kumtafuta mtu bure. Fedha hazijatajwa popote. Mshahara wakati wa masomo, ada na nauli ni mazungumzo yako na mwajiri katika barua ya pili. Ukiyaingiza kwa inchaji unamfanya aogope kutoa maoni kwenye jambo lisilo lake. Na hakuna aya ya "ndoto yangu tangu utotoni". Inchaji anakufahamu.

Unyenyekevu usizidi kipimo pia. "Naomba kwa unyenyekevu mkubwa sana" mara tatu katika ukurasa mmoja inakula nafasi ya rosta.

Kuipeleka na kuifuatilia

Peleka nakala mbili. Moja abaki nayo, ya pili aandike "nimepokea", tarehe na saini, uondoke nayo. Siyo dharau; metroni akihamishwa au faili likipotea, hiyo ndiyo kumbukumbu yako. Mpe wiki mbili. Akisema "nitaiangalia" na wiki ya tatu ikapita, ujue imelala kwenye droo. Usirudi na lawama, rudi na swali linalohusu rosta: "Sista, ile rosta ya Desemba niliyoiweka, umeiona inakaa?" Swali hilo linamlazimu aitoe barua.

Akikataa, omba sababu kwa maandishi na usome ni ya aina gani. "Hakuna mtu wa kuziba" ni jambo la tarehe: omba mwaka unaofuata, barua yenye tarehe mpya ikae kwenye faili kuanzia sasa. "Wawili wengine tayari wako masomoni" ni foleni: uliza anarudi nani na lini. "Hujafikisha miaka" inatoka kwenye sera, nawe ulipaswa kuisoma kabla.

Akiridhia, andika mara moja barua ya pili kwa mwajiri, na humo ndimo uulize mambo ya fedha bila kuzunguka. Ruhusa yaweza kuwa ya mshahara kamili, ya sehemu ya mshahara, au bila malipo. Ikiwa bila malipo, uliza michango ya NSSF na bima ya afya itakuwaje, maana vyote hukatwa kwenye mshahara na mshahara ukisimama navyo vinasimama. Wenye watoto walio kwenye kadi yao ya bima wajiandae kabla. Mwajiri akikulipia, atakupa mkataba wa kurudi kumtumikia. Tazama umefungwa miaka mingapi na ukiondoka katikati unarudisha kiasi gani: fedha zote, au sehemu ya muda uliobaki tu. Hiyo ya pili ndiyo ya haki, na inafaa kuiomba kabla ya kusaini.

Kisha subiri karatasi. Ruhusa ya mdomo ya inchaji, hata ya metroni, haikulindi. Kanuni za utendaji bora za 2007 zinahesabu kutoonekana kazini zaidi ya siku 5 za kazi bila ruhusa kuwa kosa kubwa linaloweza kukuachisha kazi, na wiki ya usajili chuoni ikiongezeka siku moja tu ya kazi, umezivuka siku hizo. Kama chuo kinafungua na barua ya mwajiri haijatoka, omba siku zako za likizo ya mwaka zilizobaki zikubebe wiki hizo, kwa fomu iliyosainiwa. Kwa sababu hiyo ni vizuri usizimalize siku 28 zako kabla ya Oktoba.

Leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga nayo isilale kwa kuwa uko darasani. Utaihitaji hizo wiki 6 za likizo, siku ile ile unaporudi kushika funguo za kabati la dawa.